Balo inayodunda: namna ya kuhesabu njia yote inayopitia

Balo inaangushwa toka metre 2 juu ya simenti. Inagonga chini, inapanda, inashuka, inagonga tena, na kila mara inafika chini kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka inatulia. Ukijumlisha kupanda kwote na kushuka kwote, balo imetembea metre ngapi? Ni zoezi la kawaida kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma progresio jeometriki. Wengi wanakosa jibu juu ya kuharakisha, si juu ya hesabu kuwa ngumu.

Mambo ya kukubali kwanza

Hesabu inasimama juu ya mambo manne, na inafaa kuyaandika mbele ya kuanza. Kwanza, balo inapanda na kushuka wima, haiendi pembeni. Pili, upepo hauizuii. Tatu, urefu unapimwa toka chini ya balo mpaka kwenye simenti. Nne, na hili ndilo kubwa, kila mara balo inarudi kwa sehemu ileile ya urefu ilikotoka. Sehemu hiyo tuiite r.

Tuchukue r = 0,7. Si namba ya kubuni tu. Kwa cheti chake cha juu cha balo namba 5, FIFA inataka balo iangushwe toka metre 2 juu ya bamba la chuma, na irudi kati ya santimetre 135 na 155. Balo inayorudi santimetre 140 iko ndani ya mipaka hiyo, na 140 ukigawa kwa 200 unapata 0,7.

Kujumlisha

Kushuka kwa kwanza ni metre 2. Kisha balo inapanda metre 1,40 na kushuka 1,40, jumla 2,80. Inapanda 0,98 na kushuka 0,98, jumla 1,96. Inaendelea hivyo, kila jumla ikiwa ni ile ya mbele mara 0,7. Urefu wa kwanza tukiuita h, njia yote ni:

D = h + 2hr + 2hr² + 2hr³ + …

Mstari huu hauna mwisho, lakini jumla yake iko na mwisho. Tuandike S = r + r² + r³ + … Ukizidisha yote kwa r, unapata S ileile bila r ya kwanza. Kwa hiyo S − rS = r, ndiyo kusema S = r/(1 − r). Hii inafaa tu kama r iko chini ya 1. Sasa:

D = h + 2h × r/(1 − r) = 2 + 4 × 0,7/0,3 = metre 11,33

Anayeona ajabu namba zisizoisha kutoa jumla ndogo aangalie balo ikigonga chini mara ya 10. Hapo imekwisha kutembea karibu metre 10,96. Kudunda kwote kunakobaki, hata kukihesabiwa bila mwisho, kunaongeza santimetre 38 hivi tu.

Kosa linalorudi

Mwanafunzi anaandika 2h/(1 − r), anapata 13,33. Amezidisha kwa mbili hata kushuka kwa kwanza, na kumbe balo haikupanda mbele ya kuangushwa: iliachiliwa toka mkononi. Kosa hili linajulikana haraka, kwani jibu linapita lile la kweli kwa h kamili, yaani metre 2.

Pale hesabu inapoachana na balo ya kweli

Jibu linategemea sana r. Balo ikirudi santimetre 150 pahali pa 140, r inakuwa 0,75 na njia yote inakuwa metre 14. Santimetre 10 tu za kupima zimeongeza karibu metre 2,67. Ndiyo maana haifai kupima kwa macho mara moja na kuamini jibu.

Njia ya kujua kama r haibadiliki ni kupima kupanda kwa mara tatu za kwanza, balo ikidunda mbele ya ukuta uliochorwa alama. Kwa mfano wetu, zingekuwa santimetre 140, 98 na karibu 69. Gawa kila urefu kwa ule uliotangulia. Ukipata karibu 0,7 kila mara, hesabu inafaa. Ukipata 0,7, kisha 0,6, kisha 0,5, r moja haitoshi, na metre 11,33 si jibu la balo hiyo. Kwa udongo laini ao mchanga ndivyo inaweza kutokea: kila pahali balo inapogonga panaweza kuimeza kivyake. Pia, balo ya kweli haidundi bila mwisho. Kisha kugonga mara ya 20, hesabu inasema itapanda milimetre 1,6 tu, na hapo macho hayaoni tena kama inadunda ao imetulia.