Ukubwa wa fuwele huamua rangi ya nuru

Fuwele za kadimiamu selenidi zenye upana wa nanomita 2 hivi hutoa nuru ya samawati; zikikuzwa hadi nanomita 6, nuru huwa nyekundu, ingawa kemikali ni ile ile. Mwanga unapoisukuma elektroni, huacha tundu nyuma yake, na viwili hivyo huhitaji nafasi ya takriban nanomita 10. Ndani ya fuwele ndogo kuliko hapo hubanwa, na nishati yao hupanda. Vinapoungana tena, nishati hiyo hutoka kama nuru. Kadiri inavyozidi, ndivyo rangi inavyokaribia samawati.

Ugumu ni kuzilinganisha. Mwaka 1993 kundi la Moungi Bawendi, mmoja wa washindi wa Nobeli ya Kemia ya 2023, liliingiza kemikali ghafla katika kiyeyusho moto, fuwele zikaanza kukua pamoja. Zikitofautiana ukubwa, rangi huchanganyika.