Kukodi shamba (Kigoma na Ujiji)

Kukodi shamba ni mapatano ambayo mwenye ardhi humwachia mkulima mwingine alime kwa muda maalumu, naye hulipa fedha taslimu au hutoa sehemu ya mavuno. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ugumu wa mapatano haya huonekana vizuri zaidi kwenye mpunga wa bonde la mto Luiche, unaomwaga maji ziwani kusini mwa Ujiji. Huko shamba hukodiwa kwa ekari, na ekari mara nyingi hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Hatua za mrefu na za mfupi hazilingani, kwa hiyo ni busara pande zote mbili zitembee pamoja na kuweka alama kwenye kona.

Tofauti ya fedha na mgao ni nani anabeba hasara. Tuchukue ekari moja ya kufikirika. Kodi ya fedha ni thamani ya magunia 4 ya mpunga, gharama za kulima, kupalilia na kuvuna ni thamani ya magunia 5, na mgao, kama ungechaguliwa badala ya fedha, ni robo ya mavuno. Yakipatikana magunia 16, mkulima hubaki na 7 kwa njia yoyote ile. Mafuriko yakiacha magunia 6 tu, aliyelipa fedha amepoteza thamani ya magunia 3, ilhali mwenye mgao amepoteza nusu gunia, kwa kuwa mwenye shamba naye ameambulia gunia moja na nusu. Mwaka wa neema wa magunia 20, wa fedha hubaki na 11 na wa mgao na 10. Asiye na akiba hupendelea mgao kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu kodi ya fedha kwa kawaida hudaiwa kabla ya jembe kuingia shambani.

Mgao una kasoro moja isiyoonekana haraka. Mbolea yenye thamani ya magunia 2 ikiongeza mavuno kwa magunia 2 na nusu, wa fedha amefaidi nusu gunia. Wa mgao atatoa robo ya nyongeza hiyo, abaki na chini ya magunia 2, yaani amelima kwa hasara. Basi hainunui, na shamba linachoka. Dawa yake ni mwenye shamba kuchangia robo ya mbolea kama anavyochukua robo ya mpunga.

Ugomvi mwingi huzuka wakati wa kugawa. Mapatano yaseme kama kinachogawanywa ni mpunga au mchele, ukiwa umekauka au mbichi, na kama posho ya wavunaji hutolewa kwanza. Gunia nalo litajwe kwa kilo, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hula fungu la upande mmoja kimyakimya.

Kuhusu udongo, kodi ya msimu mmoja humfanya mkulima avune rutuba bila kurudisha. Mwenye shamba anayetaka mabua ya mpunga yasichomwe, au matuta ya mlimani yakingame mteremko, atoe miaka kadhaa. Shamba la muhogo ni vigumu kukodiwa kwa msimu mmoja, kwani aina nyingi hukaa ardhini mwaka au zaidi. Michikichi ni habari nyingine: mpangaji huzuiwa kuipanda, kwa hofu kwamba mti wa kudumu utakuja kuwa ushahidi wa umiliki. Mahakama za Tanzania zimeshikilia kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi hawi mmiliki kwa kukaa muda mrefu tu. Shida huja mwenyeji akifariki bila maandishi. Kama michikichi tayari ipo shambani, iandikwe nani anakata mikungu yake.

Katika ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji na baraza la ardhi la kijiji ndio mahali pa kwanza pa kuuliza. Ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji hakuna vijiji bali mitaa, na ardhi iko chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka huohuo.

Kukodi jaruba si kukodi mto. Zamu ya mfereji na kazi ya kuuzibua zitajwe kwenye mapatano, na anayetaka kuchepusha maji ya mto kwa umwagiliaji huomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini ukingo wenyewe huhama. Ziwa lilipanda hadi likatoboa njia yake ya kutokea, mto Lukuga, mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka kwa meta kadhaa. Kuanzia 2020 lilipanda tena na kufunika ardhi ya mwambao. Mpaka wa shamba la kukodi ukiandikwa “hadi majini”, kodi huendelea kudaiwa kwa ekari ambayo samaki wanaogelea juu yake. Ni heri mpaka ufungwe kwenye mti au jiwe, na iandikwe kodi itapunguzwa kiasi gani maji yakivuka hapo.