Umekwama na karo ya Sh15,000? Hivi ndivyo mkopo wa apu na wa SACCO hutofautiana

Mtoto anafaa kuripoti shuleni Jumatatu na bado una pengo la Sh15,000. Januari ndiyo hubana zaidi, kwa sababu shule za sekondari za umma nchini Kenya hugawanya karo ya mwaka kwa asilimia 50, 30 na 20, na ile nusu hulipwa muhula wa kwanza.

Apu ya mikopo itakutumia pesa kwa dakika chache. SACCO itakutaka ujaze fomu kwanza. Kabla hujachagua, jiulize: pesa za kulipa deni hili zitatoka wapi, na lini?

Apu: Bei ni ya mwezi mmoja

Tuseme apu inatoza ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Ukikopa Sh15,000, utadaiwa Sh16,350, zote kwa pamoja, mwezi ukiisha. Kama una uhakika wa kuzipata, gharama yako ni Sh1,350 na mambo yameisha.

Shida ni kwamba mtu aliyekosa Sh15,000 mwezi huu ni nadra awe na Sh16,350 za ziada mwezi ujao. Tuseme unaweza kutenga Sh3,000 tu kila mwezi. Utalipa hizo, kisha utakopa Sh13,350 zilizobaki kutoka apu nyingine ili ufunge deni la kwanza. Ada ya asilimia 9 inaanza upya. Ukiendelea hivyo, utamaliza deni mwezi wa saba, ukiwa umelipa takriban Sh20,800. Hapo ada pekee imekula karibu Sh5,800.

Angalia pia kama ada hukatwa mwanzoni. Ikikatwa, ukiomba Sh15,000 utapokea Sh13,650, na pengo la karo halijazibika.

SACCO: Nafuu, lakini kwa aliyejiandaa

SACCO nyingi zina mkopo wa dharura au wa karo, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua ni ya kawaida. Ukichukua Sh15,000 kwa miezi sita, unarudisha Sh2,500 za mkopo kila mwezi pamoja na riba ya kilichobaki. Mwezi wa kwanza unalipa Sh2,650, wa mwisho Sh2,525. Riba yote ni Sh525.

Uliza kama riba ni ya salio linalopungua kweli. Ikihesabiwa kwa mkopo wote hadi mwisho, asilimia hiyo hiyo 1 inakuwa Sh900.

Lakini huwezi kujiunga leo na kukopa kesho. SACCO nyingi hutaka uwe umeweka akiba kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita, na kiwango cha mkopo hutegemea akiba hiyo. Mkopo ukizidi akiba yako, utahitaji wadhamini. Hao si wa kusaini tu: ukishindwa kulipa, akiba yao inaweza kukatwa. Ndiyo maana mwenzako kazini anaweza kukukwepa ukimletea fomu.

Ili usizungushwe, beba kitambulisho, hati ya mshahara au taarifa ya M-Pesa, na barua ya shule inayoonyesha karo inayodaiwa. Uliza pesa zitatoka siku gani, na kama zitalipwa kwako au moja kwa moja kwa shule.

Jihadhari na jambo moja: SACCO nyingi sasa hutoa mkopo wa papo hapo kwa simu. Huo si lazima uwe na masharti ya ule wa dharura. Mara nyingi muda wake ni mfupi na riba iko juu.

Ni lini apu inafaa?

Inafaa pengo likiwa dogo na pesa za kulipa ziko njiani kwa uhakika, kwa mfano zamu yako ya chama ni Ijumaa ijayo. Hata hapo, angalia kama ada huhesabiwa kwa siku. Kama ni ada moja ya mwezi, kulipa mapema hakukupunguzii chochote.

Hakikisha kampuni iko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali walioidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya (CBK). Kanuni za 2022 zinawakataza kutumia majina yaliyo kwenye simu yako kuwatumia jamaa na marafiki ujumbe ukichelewa kulipa.

Ukiwa na akiba SACCO lakini mkopo utachelewa

Muone mwalimu mkuu kabla ya Jumatatu, ukiwa na fomu ya mkopo iliyopigwa muhuri. Lipa ulicho nacho na uandike tarehe ya kumalizia. Shule ikikubali kungoja siku chache, hutahitaji apu kabisa. Ikikataa, kopa kwenye apu kile kiasi tu kitakachomwingiza mtoto darasani, na ukifunge mara tu pesa za SACCO zikiingia.