Prost Alipata 105, Senna Akawa Bingwa

Taa zilipowaka kijani Suzuka, Japani, tarehe 30 Oktoba 1988, gari la Ayrton Senna halikutoka. Alikuwa mbele ya wote kwenye mstari wa kuanzia, na injini ikazimika. Magari yakaanza kumpita kushoto na kulia. Kilichomwokoa ni kwamba sehemu ile ya barabara ya Suzuka ina mteremko. Gari likaanza kuserereka lenyewe, Senna akaingiza gia, injini ikashika. Yeyote aliyewahi kumiliki gari bovu anaujua ufundi huo, ila si wengi walioufanya mbele ya dunia nzima huku ubingwa ukiwa mezani.

Wakati huo alikuwa amerudi hadi nafasi ya 14. Mbele kabisa alikuwa Alain Prost, Mfaransa, mwenzake katika timu ya McLaren na mpinzani wake pekee. Senna akawapita mmoja mmoja, manyunyu ya mvua yakamsaidia, na muda mfupi baada ya nusu ya safari akampita Prost pia. Akashinda. Prost akamaliza wa pili, na nafasi hiyo ya pili haikumwongezea hata pointi moja.

Hapo ndipo mtu asiyezijua kanuni za langalanga za miaka ile hukwama. Nafasi ya pili ilikuwa na thamani ya pointi 6. Kabla ya Suzuka Prost alikuwa amekusanya 90 na Senna 79, zikiwa zimebaki mbio mbili tu. Baada ya Suzuka makusanyo yalikuwa 96 kwa 88, Prost akiongoza. Hata hivyo jioni ile aliyetawazwa bingwa wa dunia ni Senna, wiki mbili kabla ya msimu kwisha.

Maelezo yako katika kanuni iliyozaliwa pamoja na mashindano yenyewe. Mwaka 1950, ubingwa wa dunia ulipoanzishwa, ulikuwa na mbio saba, na dereva alihesabiwa matokeo yake manne bora tu. Yaliyobaki yalitupwa. Sababu zilikuwa za kueleweka. Magari ya wakati ule yalikufa njiani kila mara, na timu ndogo hazikuwa na fedha za kufika kila mahali. Zaidi ya hayo, mojawapo ya mbio saba ilikuwa ile ya Indianapolis nchini Marekani, ambayo madereva wa Ulaya hawakuwa na desturi ya kwenda. Kutupa matokeo mabaya kulikuwa namna ya kusema kwamba dereva asihukumiwe kwa bomba la mafuta lililopasuka. Apimwe kwa siku zake bora.

Tangu mwanzo kanuni hiyo ilikuwa na makali ya upande wa pili. Mwitalia Luigi Fagioli alimaliza msimu huo wa kwanza akiwa na pointi 28, moja zaidi ya Juan Manuel Fangio aliyekuwa na 27. Lakini Fagioli alikuwa amepata pointi mara tano, na matokeo yaliyoruhusiwa ni manne. Nafasi yake ya tatu, yenye pointi 4, ikatupwa, akabaki na 24, na Fangio akawa wa pili nyuma ya Giuseppe Farina. Mwaka 1964 kanuni ikagusa taji lenyewe. Graham Hill alikusanya pointi 41, lakini zilizohesabiwa zilikuwa 39. John Surtees alikuwa na 40, zote zikahesabiwa, akawa bingwa. Pointi mbili ambazo Hill alizitolea jasho hazikuwa na kazi.

Tangu 1981 mashindano yalitumia kanuni moja isiyobadilika: matokeo 11 bora kwa msimu. Mwaka 1988 zilikuwapo mbio 16. Mshindi alipata pointi 9, wa pili 6, kisha 4, 3, 2 na 1 hadi nafasi ya sita. Kwa dereva wa kawaida kikomo cha 11 hakikumhusu, maana kupata pointi mara 11 kwenyewe kulikuwa ndoto. Lakini McLaren ya mwaka huo, yenye injini ya Honda, haikuwa ya kawaida. Ilishinda mbio 15 kati ya 16, ikaikosa ile ya Monza tu, iliyokwenda kwa Gerhard Berger wa Ferrari. Prost alimaliza mbio 14, na katika zote 14 alikuwa wa kwanza au wa pili. Kanuni iliyotungwa kuwalinda madereva dhidi ya magari mabovu ikakutana na gari lisiloharibika.

Sasa turudi asubuhi ile ya Suzuka na kupiga hesabu kama walivyoipiga wenyewe.

Prost alikuwa na ushindi mara sita na nafasi ya pili mara sita. Hayo ni matokeo 12, moja zaidi ya kikomo. Ushindi sita ni pointi 54, nafasi za pili tano ni 30, jumla 84. Ile nafasi ya pili ya sita ilikuwa tayari imetupwa. Kuanzia hapo, nafasi ya pili nyingine ingeiondoa nafasi ya pili iliyokwisha kuhesabiwa: inaingia 6, inatoka 6. Kwa Prost, kuwa wa pili na kupasukiwa tairi mzunguko wa kwanza vilikuwa na thamani ileile. Ushindi nao haukumpa 9. Ulimpa 3, tofauti kati ya 9 inayoingia na 6 inayotoka.

Senna alikuwa na matokeo 11 kamili: ushindi mara saba, nafasi ya pili mara mbili, ya nne mara moja na ya sita mara moja. Jumla 79, zote zikihesabiwa. Ila mbili za mwisho zilikuwa ndogo, pointi 3 na pointi 1, na hizo ndizo ambazo angezitupa. Kwa hiyo ushindi Suzuka ungemwongezea 8, kumfikisha 87. Angalia ajabu ya jambo hili: barabara moja, siku moja, magari mawili pacha, na ushindi uleule una thamani ya 8 kwa huyu na 3 kwa yule. Siku mbaya za Senna katika Ureno na Hispania, zilizompa pointi chache, ndizo zilizomwachia nafasi ya kupanda.

Senna alipofikisha 87, Prost alibaki na mbio moja ya Australia. Hata akishinda angekuwa na 84 na 3, yaani 87. Wangelingana, na kanuni ya kulingana inatazama idadi ya ushindi: Senna nane, Prost saba. Hesabu ikafungwa. Prost alishinda kweli Australia, Senna akawa wa pili, na makusanyo ya mwisho yakawa 105 kwa 94. Zilizohesabiwa zilikuwa 87 kwa 90. Prost alitupa pointi 18, Senna 4.

Kama kila pointi ingehesabiwa, Senna angeweza kushinda mbio zote mbili za mwisho, Prost akaridhika na nafasi ya pili mara mbili, na bado Prost angechukua taji kwa 102 dhidi ya 97. Wapo wanaosema basi Prost aliibiwa. Sikubaliani nao. Kanuni ilijulikana kabla ya mbio ya kwanza ya Brazili, na ilisema wazi kwamba ushindi ni kila kitu. Dereva anayejua kwamba matokeo matano yatatupwa huendesha kwa namna yake: anajaribu kupita mahali ambapo mwenye kuogopa kupoteza pointi 6 asingejaribu. Kuchukua matokeo ya 1988 na kuyapima kwa kanuni nyingine ni kudhani kwamba wangeendesha vilevile. Nisiyoweza kuitetea ni kanuni inayomfanya mtu amalize wa pili katika mbio ya ubingwa bila kupata chochote.

Kutupa matokeo kulifika mwisho msimu wa 1990. Kuanzia 1991 matokeo yote yalihesabiwa, na ushindi ukapandishwa hadi pointi 10. Baada ya hapo hesabu ikawa ya kujumlisha tu kwa miaka 30, hadi ilipoletwa mbio fupi ya Jumamosi.

Mbio hiyo ya takriban kilomita 100 ilijaribiwa mara tatu mwaka 2021, katika Silverstone, Monza na Interlagos. Watatu wa kwanza walipewa pointi 3, 2 na 1. Ushindi wa mbio kuu ya Jumapili ulikuwa na pointi 25, kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama ilikuwa kwamba makombo hayo hayataamua lolote. Max Verstappen aliokota 3, 2 na 2, jumla 7. Lewis Hamilton alipata 2 Silverstone, kisha hakuna tena.

Wakafika kwenye mbio ya mwisho, Abu Dhabi, wakiwa sawa kabisa: 369.5 kwa 369.5. Ile nusu ilitoka Ubelgiji, ambako mvua iliharibu mbio na pointi zikagawanywa nusu. Kwa kulingana, Verstappen alikuwa mbele kwa ushindi tisa dhidi ya nane. Maana yake, kama wote wawili wangetoka nje ya barabara, Mholanzi ndiye bingwa. Ondoa pointi za mbio fupi: Hamilton 367.5, Verstappen 362.5. Anayefaidika wote wakitoka sasa ni Hamilton, na Verstappen ndiye anayelazimika kukimbiza. Matokeo ya Abu Dhabi yenyewe, yenye ubishi usiokwisha hadi leo, yangempa Verstappen taji kwa vyovyote. Lakini nani aliingia akiwa na haki ya kukosea, hilo liliamuliwa na pointi saba zilizodharauliwa.

Mwaka uliofuata mbio fupi ikaongezewa uzito, pointi 8 hadi 1 kwa wanane wa kwanza. Mwaka 2023, kule Katari, Verstappen alianza mbio fupi ya Jumamosi akimzidi Sergio Perez kwa pointi 177. Baada ya siku hiyo zingebaki mbio kuu sita na mbio fupi mbili, ambazo kwa dereva mmoja, pamoja na pointi ya mzunguko wa kasi zaidi, ni 172 kwa wingi wake wote. Perez aligongwa, akaishia nje bila pointi. Pale pale, Verstappen akiwa bado barabarani, 177 haikuweza tena kufikiwa. Mbio yenyewe ilishindwa na Oscar Piastri.