Ripoti ya kitaalamu isiyohakikiwa (uvuvi, Ziwa Tanganyika)

Ripoti inayotolewa na shirika la maendeleo bila kupitiwa na wataalamu huru. Mradi wa utafiti wa FAO na Finlandi, ulioanza 1992 na kuwa na kituo Kigoma, ulichapisha nyingi za namna hii. Zile zinazoeleza wazi jinsi hesabu ilivyofanywa zina thamani kubwa.

Msomaji aanze na kurasa za mbinu, kisha muhtasari. Swali la kwanza ni la mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Tuseme mtumbwi mmoja wa Kibirizi, Kigoma, hupata kilo 50 kwa usiku: ukizidisha kwa usiku 30, utapata kilo 1,500 kwa mwezi; lakini kwa usiku 20 wa kazi ni kilo 1,000. Kosa hilo moja la kuhesabu kila usiku huongeza samaki kwa nusu, na halionekani kwenye jedwali.

Kisha aangalie kama dagaa walipimwa wabichi au wakiwa wameanikwa mchangani, maana wakikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito. Ripoti isiyotaja hili haifai kulinganishwa na nyingine, hata ikiwa na nembo kubwa.