Kipimo cha Marudio Baada ya Dawa za Bakteria wa Vidonda vya Tumbo

Bakteria aina ya Helikobakta pailori huishi katika ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Wengi walio nao hawahisi lolote. Wengine hupata vidonda na wachache, baada ya miaka mingi, saratani ya tumbo.

Tiba huunganisha dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, na antibayotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini, kwa siku 14. Maumivu hupungua mapema kwa kuwa asidi imeshuka, si kwa kuwa bakteria wamekwisha, na hapo ndipo wengi huacha dozi. Isitoshe, tafiti katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, inayopokea rufaa za Mkoa wa Mara, zikiwemo za Tarime na Serengeti, zimebaini bakteria sugu kwa klarithromaisini.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliyemaliza dozi tarehe 14 Machi hurudia kipimo cha kinyesi kuanzia tarehe 11 Aprili, akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki mbili; vinginevyo kipimo huweza kuwakosa bakteria waliosalia. Kipimo cha damu hakifai hapa, kwani kingamwili hudumu kwa miezi mingi hata bakteria wakiisha.