Sare ya Michezo Isiyovaliwa: Daftari Lisomwe Kabla ya Adhabu

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayefika kwenye kipindi cha michezo na sketi yake ya darasani, akisema amesahau bukta nyumbani, kwa kawaida huhesabiwa mvivu na kutumwa kufagia. Nashikilia kwamba adhabu hiyo hulea tatizo. Aliyetaka kuepuka macho ya wenzake amepewa pa kujificha.

Edward Deci na Richard Ryan, katika nadharia yao ya motisha, wanataja mahitaji matatu ya mtu: kuwa na hiari, kujiona anaweza na kukubalika kwa wenzake. Kubadili nguo mbele ya wengine, katika chumba kisicho na pazia, huyatikisa yote matatu kabla mpira haujaguswa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu liwe ni kitu gani hasa mwanafunzi huyu anakikwepa.

Jibu mara nyingi limo katika daftari la mahudhurio, ikiwa mbele ya kila jina pataandikwa pia mchezo wa siku hiyo na kama wavulana walikuwapo. Tuchukue mfano wa msichana ambaye kwa nusu muhula amevaa bukta siku za netiboli, lakini "husahau" kila siku ya mbio. Huyu hana shida na nguo. Anaogopa kuonekana wa mwisho. Mwingine husahau kwa siku chache kila mwezi: hapo hedhi ndiyo ya kufikiriwa kwanza, na matroni aulize kwa faragha, taulo za kike zikiwa tayari. Anayesahau kila wiki bila kujali mchezo huenda hana bukta kabisa, na hakuna maneno ya kumtia moyo yatakayomnunulia.

Msichana wa mbio asiambiwe ajitahidi. Mbio zibadilishwe: kila mmoja akimbie kwa dakika sita, ahesabu mizunguko yake mwenyewe, na wiki inayofuata ajilinganishe na hesabu yake tu. Wote wanaposimama kwa filimbi moja, hakuna anayemaliza wa mwisho. Kuhusu nguo, anayeogopa kubadili mbele ya wengine aruhusiwe kuvaa bukta chini ya sketi tangu asubuhi, au kuanza kwa kubadili raba peke yake. Manahodha wasichague timu hadharani, maana anayebaki wa mwisho hujifunza somo ambalo mwalimu hakulipanga.

Hiari nayo ina mipaka. Kazi ya kushika saa au kuandika matokeo humrudisha mwanafunzi uwanjani, lakini akiachwa nayo kwa vipindi vingi inakuwa benchi jingine. Mwalimu apange mapema: kipindi hiki ashike saa, kinachofuata ashike saa nusu ya muda na kukimbia nusu iliyobaki. Daftari likionyesha kwamba bado anakwepa hata baada ya mbio kubadilishwa, basi sababu iliyodhaniwa siyo, na mazungumzo ya faragha yaanze upya.